Kilo Tisa kwa Dagaa, Maharage na Wali

Urefu wangu ni sentimita 175. Tangu nilipoacha kurefuka mpaka nilipotimiza miaka 23, mizani haikuwahi kunisomea zaidi ya kilo 52. Hapa Tanga, ninakofanya kazi ya useremala, kijana wa umbo langu hakosi washauri. Huyu anakwambia ule sana, yule unywe supu ya pweza, mwingine upunguze mawazo. Nami nilikuwa na jibu moja kwa wote, na nililiamini kwa moyo wote: nakula kuliko ninyi nyote, ila mwili wangu haushiki.

Leo nina kilo 61. Sikumeza kidonge cha kunenepesha wala sikununua poda ya kopo. Nilipangiwa chakula, nikakipima, na nikakifuata kwa karibu mwaka mzima. Naandika ushuhuda huu kwa sababu nimeona vijana wengi wembamba wakihangaika na nusu ya jambo tu: wanaongeza chakula bila kujua wanaongeza nini, wanakinai baada ya wiki mbili, kisha wanarudi walikokuwa.

Nilikwenda hospitali ya serikali kwa sababu ya kidonda cha mkono, na daktari aliyenitibu akanipeleka kwa afisa lishe. Dada yule alipima urefu na uzito wangu, akagawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 17. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu. Nilidhani moja kwa moja ataanza kuniorodheshea vyakula.

"Chakula baadaye, mdogo wangu," akasema. "Kwanza tujue kama mwili wako ni mzima."

Akauliza kama nina kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kama natoka jasho usiku, kama napata homa za jioni, kama nimewahi kuwa mnene kisha nikapungua. Akaniandikia kupima minyoo, sukari na VVU. Aliniambia kwamba wembamba wa tangu utotoni na wembamba unaomjia mtu ghafla ni mambo mawili tofauti, na kwamba mtu anayepungua hali anakula vizuri hatakiwi kupewa ratiba ya chakula kabla ya kutafutiwa ugonjwa. Majibu yangu yote yalitoka salama, isipokuwa minyoo, na dawa yake nilipewa siku hiyo hiyo. Nilipotaka kujua kama ni minyoo iliyokuwa inanikondesha, alisema huenda ilichangia kidogo, lakini tusiitegemee kuwa jibu.

Kisha akanipa kazi: niandike kila kitu nitakachokula na kunywa kwa siku tatu, mojawapo iwe Jumapili. Niandike papo hapo, nisingoje usiku nianze kukumbuka. Niliporudi alizikokotoa mbele yangu. Siku ya kwanza, tulipopata kazi ya kupaua nyumba na mwenye nyumba akatupikia pilau, nilikuwa nimekula kalori zaidi ya 2,900. Jumapili ilikuwa 2,300 na kidogo. Siku iliyobaki nilikunywa chai ya rangi na andazi asubuhi, mchana nikapitisha kwa sababu ya kukimbizana na oda, usiku nikala ugali na mchicha: jumla ilifika 1,700. Wastani wa siku zote tatu ulikuwa karibu 2,300.

Hapo ndipo nilipofahamu kilichokuwa kinanitokea. Siku ya pilau naikumbuka, na ndiyo ninayoisimulia ninaposema nakula sana. Siku ya andazi haikai kichwani. Mwili ulikuwa unazisawazisha wenyewe: nikishiba mno leo, kesho sina hamu, na wiki inaisha pale pale.

Afisa lishe akafanya hesabu ya pili, ya kukadiria mwili wangu unatumia nini. Alitumia kanuni ya Mifflin, ambayo kwa mwanamume ni uzito mara 10, ujumlishe urefu wa sentimita mara 6.25, utoe umri mara 5, kisha uongeze 5. Kwangu ilitoka 1,504. Hizo ni kalori za mwili uliolala tu, ukipumua na moyo ukipiga. Kwa kuwa mimi ni seremala ninayesimama kutwa, aliizidisha kwa 1.6 akapata karibu 2,400, ambayo haikuwa mbali na wastani wa karatasi yangu. Akanieleza kuwa hakuna kanuni inayomjua mtu. Inampa mahali pa kuanzia, na mizani ndiyo itakayosahihisha. Juu ya 2,400 akaongeza 400. Lengo langu likawa kalori 2,800 kila siku, siku ya pilau na siku ya andazi sawasawa.

Kwa nini 400, si 1,000? Nilikuwa na haraka, na swali hilo nililiuliza. Akasema misuli haijengeki kwa kasi ya mtu anayetaka. Kijana anayeanza mazoezi anaweza kupata takriban kilo moja kwa mwezi akifanya kila kitu vizuri, na chakula kinachozidi mahitaji ya kazi hiyo huenda tumboni kuwa mafuta. Unaweza kupata kilo kumi kwa miezi mitatu, akasema, lakini ukajikuta na mikono ile ile na kitambi kipya.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote, nayo ni mpangilio. Watu wengi tunapanga mlo kwa kuanza na ugali au wali, kisha tunauliza mboga ni nini. Yeye alianza upande wa pili. Alisema mpango wa kunenepa una kima cha chini cha protini, kama mshahara ulivyo na kima chake cha chini: kisishuke siku yoyote, iwe una hamu au huna. Kikishatimia, nafasi iliyobaki mpaka kufikia 2,800 unaijaza kwa wanga, pamoja na mafuta kiasi ya kupikia.

Kima chenyewe ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Hakikutolewa hewani. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 49 ya watu waliokuwa wakifanya mazoezi ya nguvu, wakaona kwamba protini husaidia kuongeza misuli mpaka kwenye kiasi hicho, na baada ya hapo faida ya kuongeza zaidi haionekani kwa wastani. Kwa kilo 52, ni gramu 83. Kiwango hiki ni cha mtu mwenye afya. Mwenye ugonjwa wa figo anapangiwa na daktari wake.

Na kwa nini tusiendelee kupandisha protini, kama ndiyo inayojenga? Sababu ni mbili na zote niliziona kwa vitendo. Ya kwanza ni fedha: samaki, mayai na maziwa ndivyo vinavyokula pesa ya chakula, ilhali unga na mchele ni nafuu. Ya pili ni shibe. Protini inashibisha kuliko wanga, na adui wa mtu mwembamba ni kushiba mapema. Ukijaza sahani nyama na maharage peke yake, utakuwa umetosheka ukiwa na kalori 1,800 na huwezi kuweka hata kijiko kingine. Wanga unapita kwa urahisi, unalika hata bila njaa kali, tena ndio unaojaza akiba ya nguvu ndani ya misuli, hivyo ukienda kunyanyua vitu vizito unanyanyua kweli.

Kuhusu kuhesabu protini alinipa sharti lililonisaidia sana. Unga wa mahindi na mchele vina protini pia, gramu saba au nane katika kila gramu 100. Lakini protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, moja ya viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage na dagaa wana lisini nyingi, ndiyo maana ugali na maharage vikikaa pamoja vinakamilishana. Akasema: "Ya ugali usiihesabu. Hesabu ya kitoweo, mayai, maziwa na karanga tu. Ya ugali na wali iache iwe nyongeza." Kwa sharti hilo hata siku ambayo vipimo vyangu viliyumba, bado nilikuwa juu ya kima.

Tukatafuta gramu 83 kutoka vitu vinavyopatikana soko la Ngamiani kwa mfuko wa fundi. Dagaa wakavu gramu 40, ambao ni konzi mbili ndogo, wanatoa karibu gramu 24. Maharage makavu gramu 100 yanatoa kama 22. Mayai mawili ni 12. Mtindi nusu lita ni 16. Karanga gramu 40 ni 10. Jumla 84. Kuku na nyama havimo, na siku za kula samaki mbichi au kuku niliviweka mahali pa dagaa au maharage. Vitu hivyo vitano vyote kwa pamoja vina kalori kama 1,150. Mafuta ya alizeti ya kupikia, vijiko vikubwa viwili na nusu kwa siku, yanaongeza 300 nyingine. Tumefika 1,450. Pengo la kufika 2,800 ni kalori 1,350, na hilo ndilo la wanga: mchele gramu 120, unga wa sembe gramu 130, unga wa uji gramu 40 na sukari yake, na ndizi mbivu mbili. Hivyo vinatoa kalori 1,300 na kidogo, na tofauti iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba mpimaji wa nyumbani hawezi kuishika.

Gramu zilinitisha mwanzoni, kwani sikuwa na mizani ya jikoni. Nilikwenda kwa mwenye duka mtaani kwetu nikamwomba anipimie kikombe changu cha bati kikijaa mchele, kikijaa unga, kikijaa maharage, na konzi yangu ya dagaa. Niliandika majibu kwenye kadibodi nikaibandika jikoni. Kuanzia hapo sikuhitaji mizani tena, nilihitaji kikombe kile kile kisibadilike.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Saa moja asubuhi uji mzito uliokorogwa na nusu ya karanga zikiwa zimesagwa, na mayai mawili ya kuchemsha. Saa saba mchana wali na maharage kwa mama ntilie karibu na karakana. Saa kumi mtindi, ndizi mbili na karanga zilizobaki. Saa mbili usiku ugali, dagaa wa kukaanga kwa kitunguu na nyanya, na mchicha. Ukiangalia utaona kila mlo umebeba sehemu yake ya kima: asubuhi gramu 17, mchana 22, jioni 21, usiku 24. Nilikatazwa kuisubiri yote usiku, kwa sababu ukikosa usiku umekosa siku nzima.

Mlo wa mchana ndio uliohitaji mazungumzo. Sahani ya kawaida ya wali maharage ina mlima wa wali na upawa mmoja wa maharage, tena nusu yake mchuzi. Kwa hesabu yangu upawa ule haukufika hata theluthi ya maharage niliyopangiwa.

"Shikamoo mama. Leo naomba wali kama kawaida, ila maharage pawa tatu, mchuzi kidogo. Nitalipia nyongeza."

"Marahaba mwanangu. Watu wote hapa wananigombeza niongeze wali, wewe wataka maharage?"

Nilimweleza nilichoambiwa hospitali. Akasikiliza mpaka mwisho, na tangu siku hiyo alinitengea bakuli langu. Kwa vijana wanaokula nje, nadhani hili ni jambo la kwanza la kufanya: omba kitoweo kiongezwe kabla ya kuomba wali uongezwe, na kubali kulipia. Wali unaweza kuongeza mwenyewe jioni nyumbani kwa bei ndogo.

Tumbo nalo lilikuwa na neno lake. Maharage mengi kila siku yalinijaza gesi mpaka nilipoanza kuyaloweka usiku kucha, kumwaga yale maji na kuyachemsha kwa maji mapya. Nilipikia nyumbani siku za mapumziko, na mama ntilie alikubali kufanya hivyo pia. Maziwa mabichi ya kuchemsha yaliniharisha, kama yanavyowaharisha watu wazima wengi wa kwetu, kwa sababu sukari ya maziwa haimeng'enywi vizuri. Mtindi haukunisumbua, maana bakteria wanaougandisha wanakuwa wameila sehemu ya sukari hiyo. Dagaa wa Mwanza wengine huanikwa mchangani, kwa hiyo niliwaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka chombo kikose mchanga chini. Na mchicha niliula, ila mwishoni mwa mlo, na maji nilikunywa baada ya kula. Nilipoanza na maji na majani, wanga ulinishinda.

Mizani nilipanda asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla sijatia kitu mdomoni, nikiwa na nguo ile ile. Nilipanda mara kadhaa kwa wiki na nikachukua wastani, kwa kuwa uzito wa siku moja hudanganya: ukila chumvi nyingi jana, leo maji yamebaki mwilini. Wiki ya kwanza niliongeza zaidi ya kilo moja nikafurahi sana. Afisa lishe alikuwa ameshanionya. Mtu akianza kula wanga wa kutosha, misuli na ini hujaza akiba yake, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Kilo ile ilikuwa zaidi ni maji na chakula kilichomo tumboni. Wiki za kuhukumu mpango ni ya tatu na kuendelea.

Na ya tatu na ya nne ndizo zilizokwama. Mizani iligoma, ingawa kikombe changu cha bati kilikuwa kile kile. Nilirudi kwake nikiwa na wasiwasi kwamba ile imani yangu ya zamani ilikuwa kweli, mwili wangu haushiki. Akanisimulia jaribio lililofanywa Marekani katika kliniki ya Mayo, likachapishwa mwaka 1999. James Levine na wenzake waliwalisha watu 16 wasio wanene kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Wako walioongeza mafuta mwilini chini ya nusu kilo, na wako walioongeza zaidi ya kilo 4, kwa ziada ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mwendo usio wa mazoezi: kuna watu ambao wakilishwa zaidi, bila kukusudia huanza kusimama zaidi, kutembea zaidi, kuchezesha miguu, na ziada inateketea. Akaniuliza kama siku hizi sijioni mchangamfu kuliko zamani. Ni kweli, nilikuwa natembea kwenda kazini badala ya kupanda daladala, kwa nguvu tu nilizokuwa nazo.

Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa unatumia zaidi, na dawa yake ni kujaza zaidi. Kima cha protini hakikuguswa. Tuliongeza chapati moja asubuhi, kama kalori 250, tukangoja wiki mbili nyingine. Mizani ikaanza kupanda tena taratibu. Hiyo ndiyo kanuni niliyoishika mpaka mwisho: wastani wa wiki mbili usipopanda, ongeza kalori 200 au 250 za wanga, usipandishe kwa pupa, usibadilishe kila kitu kwa pamoja.

Mazoezi yalikuwa sehemu ya mpango, si pambo. Bila kuipa misuli kazi, mwili hauna sababu ya kuijenga, na sehemu kubwa ya ziada itakuwa mafuta. Mtaani kwetu kuna jimu ya vijana, vyuma vyake ni mabomba yaliyomiminiwa zege kwenye makopo pande zote mbili. Nilikwenda siku tatu kwa wiki: kuchuchumaa na mzigo mabegani, kusukuma juu, kuvuta, pushapu. Niliandika nilinyanyua kopo lipi mara ngapi, na nilijitahidi idadi au uzito upande mwezi hadi mwezi. Kando ya daftari hilo niliandika pia mzunguko wa kiuno, niliopima kwa utepe wa fundi cherehani usawa wa kitovu. Vipimo hivi viwili vinasema kile ambacho mizani haiwezi kusema. Uzito ukipanda, makopo yakipanda na kiuno kikiongezeka kidogo tu, unajenga mwili. Uzito ukipanda na kiuno kikikimbia mbele huku makopo yamesimama pale pale, ziada ni kubwa mno, au mazoezi ni haba. Mwezi mmoja kiuno changu kilianza kutangulia, nikapunguza wanga wa jioni kwa kalori 150, kikatulia.

Ramadhani ilinikuta katikati ya safari, na hapa nilihitaji ushauri tofauti. Afisa lishe aliniambia mwezi huo lengo lisiwe kuongeza, liwe kulinda kilichopatikana. Kima cha protini kikagawanywa mafungu matatu: futari, baada ya tarawehe, na daku. Kwenye futari nilianza na tende na uji, nikaswali, kisha nikala maharage ya nazi na magimbi au mihogo. Tui la nazi lilinisaidia mno, kwa sababu linabeba kalori nyingi katika chakula kidogo, na saa za kula zilikuwa chache. Baada ya tarawehe nilikula samaki na wali kidogo. Daku ilikuwa mayai, chapati na mtindi, na hiyo sikuiacha hata usiku niliokuwa na usingizi mzito, kwani anayelala bila daku anapoteza theluthi ya kima chake. Mazoezi nilipunguza, nikafanya usiku. Idi ilinikuta na uzito nilioingia nao.

Jambo jingine ambalo kijana anatakiwa kulijua mapema: ziada inaliwa na mwili wenyewe unavyokua. Nilipofika kilo 58, mpango wa kilo 52 haukuwa tena na ziada ya kutosha, kwa sababu mwili mkubwa unatumia zaidi na unabeba mzigo mkubwa zaidi kila unapopanda ngazi. Tulikokotoa upya. Kima kikawa gramu 93, nikaongeza yai moja na konzi kidogo ya dagaa. Wanga ukajaza mpaka kalori 3,000 na zaidi. Anayekaa na ratiba moja tangu mwanzo atafika mahali asimame, na atadhani mwili wake umegoma.

Kwa kilo 61 kipimo changu ni karibu 20, nimeingia katika uzito wa kawaida, na nimeacha kutafuta ziada. Wanga nimeupunguza mpaka uzito umesimama. Kima cha protini nimekibakiza, sasa ni gramu 98, na makopo ya zege bado nanyanyua.

Neno langu la mwisho ni kuhusu vidonge. Katika miezi ile yote niliuziwa maneno ya vidonge vya kunenepesha na watu wengi kuliko walioniuliza ninakula nini. Vingi vinavyouzwa kwa siri ni deksamethasoni au prednisoloni, pengine vikichanganywa na siproheptadini ya kuleta hamu ya kula. Hizo ni dawa halali za maradhi yake, zinazotolewa na daktari kwa sababu yake. Akizimeza kijana mzima ili anenepe, uso unavimba kwa maji na mafuta, sukari na shinikizo la damu vinapanda, mifupa inadhoofika, na misuli, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitafuta, inapungua. Ubaya zaidi ni kwamba ukizitumia kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni zake, na ukikatisha ghafla unaweza kuanguka, shinikizo likashuka, hata ukapoteza maisha. Kama unavitumia sasa hivi, usivitupe leo ukakaa kimya. Nenda hospitali, chukua pakiti yake, mwambie daktari ukweli, akupunguzie dozi polepole. Ratiba ya dagaa na maharage itakungoja.